Msamaha, Nafuu na Daraja la Sifuri: Asili ya Sehemu ya Pato Isiyotozwa Kodi

Kodi ya mapato kwa kawaida huwa na mpaka wake wa chini, na pato lisilofika kwenye mpaka huo halitozwi kitu. Jambo hili linajulikana na wote. Lisilojulikana na wengi ni hali ya yule aliyeuvuka mpaka. Je, hutozwa pato lake lote tangu shilingi ya kwanza, au hutozwa ile ziada tu iliyo juu ya mpaka? Katika sheria za leo za Uingereza, Kenya na Tanzania jibu ni hilo la pili. Kiasi kile kisichotozwa ni kama daraja la kwanza la ngazi ya kodi, daraja ambalo kiwango chake ni sifuri, na mlipaji hulikanyaga kwanza kabla ya kupanda la pili. Walakini haikuwa hivyo tangu mwanzo. Huko Uingereza, ambako kodi hii ilitoka hata ikaletwa Afrika ya Mashariki, ilipita miaka 78, tangu 1842 hadi 1920, kabla ya lango kugeuka kuwa daraja. Habari za mageuzi hayo zafaa kusimuliwa kwa taratibu, maana lugha inayotumiwa kuieleza kodi mpaka leo imebaki nusu langoni na nusu darajani.

Waziri Mkuu William Pitt alipoitoza kodi ya mapato kwa mara ya kwanza mwaka 1799, ili kulipia vita na Wafaransa, aliwaacha nje watu wote ambao mapato yao hayakufika paundi 60 kwa mwaka. Kodi hiyo ilikoma mwaka 1816, vita vilipokwisha, na haikurudi mpaka mwaka 1842, wakati wa Robert Peel. Sheria ya Peel ilikuwa nyepesi kuieleza. Mtu ambaye mapato yake yalikuwa chini ya paundi 150 alisamehewa. Mtu mwenye paundi 150 au zaidi alitozwa peni 7 katika kila paundi ya mapato yake yote. Paundi ya siku zile ilikuwa na shilingi 20, na shilingi ilikuwa na peni 12, hivyo kwamba peni 7 katika paundi ni kama asilimia 3 kasoro kidogo.

Sasa na watazamwe watu wawili, karani mwenye paundi 149 kwa mwaka na mwenzake mwenye paundi 150. Wa kwanza hakudaiwa hata peni moja. Wa pili alidaiwa peni 7 mara 150, yaani peni 1,050, nazo ni paundi 4, shilingi 7 na peni 6. Alipokwisha kulipa alibaki na paundi 145, shilingi 12 na peni 6. Yule aliyepata mshahara mkubwa ndiye aliyekwenda nyumbani na fedha chache, na pengo lenyewe lilizidi paundi 3. Wala shimo hilo halikuwa la paundi moja tu. Mwenye paundi 153 alilipa paundi 4, shilingi 9 na peni 3, akabaki na paundi 148 na shilingi 10 na ushei, bado chini ya yule wa 149. Mpaka mtu afikishe paundi 154 ndipo alipoanza kumpita jirani yake kwa shilingi chache. Kwa hiyo mtumishi wa paundi 149 aliyeongezewa paundi 4 alikuwa na haki ya kuikataa nyongeza hiyo, na hesabu ingemwunga mkono.

Asili ya shimo hilo haikuwa ukubwa wa kodi, kwani kodi yenyewe ilikuwa ndogo. Asili yake ilikuwa katika kitu kilichosamehewa. Sheria ya 1842 ilimsamehe mtu. Iliuliza kwanza, huyu ni nani, ni wa chini ya 150 au wa juu yake? Ikishamjua, ilimwacha mzima au ilimtoza mzima. Msamaha wa namna hii ni lango, na mwenye kupita langoni hupita na mzigo wake wote.

William Gladstone, alipokuwa Waziri wa Fedha, alijaribu kwanza kulipunguza shimo hilo kwa kuweka viwango viwili. Mwaka 1853 aliushusha mpaka hadi paundi 100, na wale wa kati ya 100 na 150 akawatoza peni 5 katika paundi badala ya 7. Jambo hilo lilitengeneza malango mawili madogo mahali pa moja kubwa, maana aliyefika 150 alirukia peni 7 kwa mapato yake yote. Hatua ya maana ilikuja mwaka 1863. Gladstone aliweka kanuni kwamba mtu mwenye mapato ya paundi 100 na zaidi, lakini chini ya 200, aondolewe paundi 60 kwanza, kisha atozwe kodi katika salio. Hapa ndipo sheria ilipoanza kutenganisha mtu na sehemu ya pato lake. Mwenye paundi 120 hakuwa tena aliyesamehewa wala aliyetozwa mzima. Paundi zake 60 hazikutozwa, na 60 zilizobaki zilitozwa.

Hata hivyo kazi haikukamilika, na hesabu yaonyesha mahali palipovuja. Kiwango cha mwaka ule kilikuwa peni 7. Kwa upande wa chini, wa paundi 99 hakulipa kitu, lakini wa paundi 100 alitozwa katika paundi 40, yaani peni 280, ambazo ni paundi 1, shilingi 3 na peni 4. Shimo lilibaki, kwa kuwa mpaka wa msamaha ulikuwa 100 na kiasi kilichoondolewa kilikuwa 60 tu. Paundi 40 zilizo kati ya tarakimu hizo zilianza kutozwa zote kwa pamoja mara mtu alipougusa mpaka. Kwa upande wa juu, mwenye paundi 199 alitozwa katika 139, akalipa paundi 4, shilingi 1 na peni 1. Mwenye paundi 200 alinyang'anywa ile nafuu ya 60, akalipa paundi 5, shilingi 16 na peni 8. Wa kwanza alibaki na paundi 194 na shilingi 18 na ushei. Wa pili alibaki na paundi 194 na shilingi 3 na ushei. Nafuu ilikuwa imeundwa kama daraja, lakini ilitolewa langoni.

Shimo la chini lilizibwa mwaka 1894 na William Harcourt, naye alilizibwa kwa njia sahili kabisa: aliulinganisha mpaka wa msamaha na kiasi kinachoondolewa. Waliokuwa na mapato yasiyozidi paundi 160 walisamehewa, na waliozidi hapo, mpaka kufika 400, waliondolewa paundi 160 zile zile. Matokeo yake ni kwamba mwenye paundi 161 alitozwa katika paundi moja tu. Kiwango kilikuwa peni 8, naye alilipa peni 8. Paundi yake ya mwisho ilimwachia shilingi 19 na peni 4, na hapakuwa na mtu wa chini yake aliyempita. Tangu hapo msamaha na nafuu zilikuwa kitu kimoja kwa upande wa chini, ingawa sheria iliendelea kuvitaja kwa majina mawili. Msamaha haukuhitajiwa tena, kwa sababu mtu mwenye paundi 160 akiondolewa 160 hubaki na sifuri, na peni 8 katika sifuri ni sifuri. Kwa upande wa juu mashimo yaliendelea, kwani nafuu ilipunguzwa kwa wenye zaidi ya 400 na ikakoma kwa wenye zaidi ya 500. Aliyevuka 400 alirudishiwa paundi 60 katika hesabu ya kutozwa, akaongezewa kodi ya paundi 2 kwa mara moja.

Mwaka 1919 iliteuliwa Tume ya Kifalme ya Kodi ya Mapato chini ya uongozi wa Colwyn. Tume hiyo ilitoa taarifa yake mwaka 1920, na sheria ya fedha ya mwaka ule ule iliufuta utaratibu wa msamaha pamoja na ule wa nafuu za mafungu. Mahali pake iliwekwa nafuu moja ya binafsi, paundi 135 kwa asiyeoa na paundi 225 kwa mwenye mke, na ikapewa walipaji wote bila kuuliza ukubwa wa mapato yao. Wako waliodhani kwamba kumpa tajiri nafuu ile ile ya maskini ni upendeleo. Hesabu haiwaungi mkono. Kama ni kumtoza tajiri zaidi, viwango vya juu vipo kwa kazi hiyo, na fedha iliyopotea chini yaweza kurudishwa juu bila kuchimba shimo katikati ya njia.

Hapa panatakiwa maelezo kidogo ya hesabu, maana ndipo penye kiini cha jambo. Kiasi kisichotozwa chaweza kuandikwa katika sheria kwa sura tatu. Ya kwanza ni ile ya Uingereza: ondoa kiasi hicho katika pato, kisha toza salio. Ya pili ni kulitaja daraja la sifuri waziwazi: toza asilimia sifuri katika kiasi cha kwanza, na asilimia fulani katika kinachozidi. Ya tatu ni kutoza pato lote tangu shilingi ya kwanza, kisha kuipunguza kodi yenyewe kwa kiasi kilichokwisha pangwa. Zikitazamwa kwa haraka sura hizi huonekana kuwa mambo matatu mbali mbali. Lakini katika kiwango kimoja hazitofautiani hata kidogo. Kutoza peni 8 katika pato lililoondolewa 160 ni sawa na kutoza peni 8 katika pato lote kisha kurudisha peni 8 mara 160, yaani paundi 5, shilingi 6 na peni 8.

Afrika ya Mashariki ina mifano ya sura mbili za mwisho, nayo hukaa jirani. Tanzania huandika daraja la sifuri. Kwa mishahara ya Bara, shilingi 270,000 za kwanza za mwezi ziliwekwa katika asilimia sifuri mwaka 2020, na daraja la pili, linaloishia 520,000, likawekwa katika asilimia 8 mwaka 2021. Mtumishi wa shilingi 271,000 za kutozwa kodi hudaiwa asilimia 8 ya shilingi 1,000, nazo ni shilingi 80. Hubaki na 270,920. Maneno yanayosikika maofisini kwamba nyongeza fulani "itamwingiza mtu kwenye kodi" na kumrudisha nyuma yangekuwa kweli chini ya Peel. Chini ya hesabu hii si kweli.

Kenya huandika kwa sura ya tatu. Mwezi wa Aprili 2020 daraja la kwanza lilipanuliwa hadi shilingi 24,000 kwa mwezi, likitozwa asilimia 10, na papo hapo nafuu ya binafsi ikapandishwa hadi shilingi 2,400 kwa mwezi. Msomaji atatambua mara moja kwamba asilimia 10 ya 24,000 ni 2,400. Kwa viwango vilivyoanza Januari 2021, mwenye shilingi 30,000 za kutozwa hudaiwa 2,400 katika daraja la kwanza na asilimia 25 ya 6,000 zinazofuata, yaani 1,500. Jumla ni 3,900. Ikiondolewa nafuu ya 2,400 hubaki 1,500, ambayo ni kodi ya zile 6,000 tu. Daraja la asilimia 10, ingawa limeandikwa katika sheria, kwa mtu mwenye nafuu hiyo peke yake halimtozi mtu yeyote kitu. Ni daraja la sifuri lililovaa kanzu ya asilimia 10.

Lakini mavazi hayo yana matokeo yake. Sura ya Uingereza na ya Tanzania hukitaja kiasi cha pato, na kiasi hicho hakitikisiki viwango vikibadilika. Sura ya Kenya hutaja kiasi cha kodi. Kama kiwango cha daraja la kwanza kingepandishwa hadi asilimia 12 na nafuu iachwe pale pale kwenye 2,400, sehemu isiyotozwa ingepungua kimya kimya hadi shilingi 20,000, bila sheria kuitaja. Mchunguzi anayetaka kujua ukubwa wa daraja la sifuri nchini humo hana budi kuigawa nafuu kwa kiwango kila mara mojawapo inapoguswa.

Kukiwa na viwango viwili au zaidi huzuka ugomvi mwingine, nao ni mkubwa huko Uingereza. Je, nafuu huondolewa chini ya pato au juu yake? Tangu mwaka 2021 nafuu ya huko ni paundi 12,570. Paundi 37,700 zinazofuata hutozwa asilimia 20, na zaidi ya hapo asilimia 40, ila Uskoti yenye viwango vyake. Mwenye paundi 60,000 akiondolewa nafuu hubakiwa na 47,430. Zile 37,700 humdai 7,540, na 9,730 zilizosalia humdai 3,892, jumla 11,432. Akipimwa kwa ngazi kutoka chini, na daraja la sifuri likiishia 12,570 na la pili likiishia 50,270, hupata jumla ile ile. Kwa hiyo wenye kusema kwamba nafuu humfaa tajiri kwa asilimia 40 na maskini kwa 20, na wenye kusema kwamba humfaa kila mtu sawa, hawabishani juu ya kodi inayolipwa. Wanabishana juu ya nchi ambayo haipo, ile isiyo na nafuu. Kama katika nchi hiyo daraja la pili lingeshuka mzima na kuanzia sifuri, basi mwenye 60,000 angelipa 16,460, na nafuu yake ni 5,028. Kama mpaka wa asilimia 40 ungebaki pale pale kwenye 50,270, angelipa 13,946, na nafuu yake ni 2,514, sawasawa na ya mwenzake wa chini.

Jambo hili si la nadharia tupu, kwani lilijaribiwa mwaka 2011. Nafuu ilipandishwa kwa paundi 1,000, kutoka 6,475 hadi 7,475. Wakati ule ule daraja la asilimia 20 lilifupishwa kutoka 37,400 hadi 35,000. Mlipaji wa kawaida aliokoa paundi 200. Kama daraja lisingefupishwa, mwenye kufika asilimia 40 angeokoa 400. Kwa kuwa lilifupishwa, mpaka wake ulishuka kutoka 43,875 hadi 42,475, na katika kodi ya mapato peke yake alilipa paundi 80 zaidi ya mwaka uliotangulia. Haitoshi basi kuambiwa kwamba nafuu imepanda. Yafaa kuuliza daraja la juu yake limeanzia wapi.

Ajabu ni kwamba Uingereza hiyo hiyo imelijenga upya, katika sura nyingine, shimo ambalo Tume ya Colwyn ililifukia. Tangu Aprili 2010 mwenye mapato yanayozidi paundi 100,000 hupunguziwa nafuu paundi 1 kwa kila paundi 2 anazozidi, hata iishe yote. Kwa nafuu ya 12,570 huisha kwenye 125,140. Kila paundi 2 zinazoongezeka hapo huleta paundi 3 za kutozwa, yaani hizo 2 pamoja na 1 iliyovuliwa nafuu. Asilimia 40 ya 3 ni paundi 1 na peni 20 za siku hizi, nazo ni asilimia 60 ya zile 2. Sheria haikutaja kiwango cha asilimia 60 popote. Angalau si shimo bali ni mlima, kwani apandaye hupata kidogo kila hatua. Lakini akiupita, kiwango hushuka hadi asilimia 45, na huo ni mpangilio ambao mtu hangeuandika kwa hiari kama angetakiwa kuuandika wazi.

Lililobaki ni suala la maneno, nalo lawahusu wenye lugha. Kwa watu wengi wa Afrika ya Mashariki neno kodi lilijulikana kwanza kwa kodi ya nyumba, iliyowekwa na Wajerumani mwaka 1897, na baadaye kwa kodi ya kichwa ya Waingereza. Kodi hizo hazikuwa na pato la kupimwa, wala hazikuwa na madaraja. Mzee au dhaifu asiyeweza kulipa aliweza kusamehewa, na asiyesamehewa alilipa kamili. Msamaha, katika lugha ya kodi, ulikuwa wa mtu. Kodi ya mapato ilipowekwa Kenya mwaka 1937 na Tanganyika mwaka 1940, ilifuata mfano wa Uingereza baada ya Colwyn, lakini iliwakuta watu wenye neno la lango tayari kinywani. Ndiyo sababu magazeti huandika kwamba "wenye mapato ya chini ya kiasi fulani wamesamehewa kodi", na msomaji hufahamu, kwa haki ya lugha, kwamba walio juu yake hawakusamehewa kitu.

Sarufi ya Kiswahili yenyewe ina dawa ya kosa hilo. Pasemwapo "mtu ambaye mapato yake yanazidi 270,000 atatozwa asilimia 8", kiima cha kitenzi kikuu ni mtu, na anayetozwa ni yeye mzima. Sentensi hiyo ni ya 1842. Pasemwapo "kiasi kinachozidi 270,000 kitatozwa asilimia 8", upatanisho wa ki- umelifunga tozo kwenye kiasi, na mtu hayumo. Mfasiri anayeichukua sheria ya kodi ana kazi ya kuutunza upatanisho huo tangu mwanzo wa kifungu hata mwisho, maana kiambishi kimoja kikigeuka kutoka ki- kuwa a-, daraja hugeuka kuwa lango.

Neno nafuu nalo lina mpaka wake. Kwa Kiswahili nafuu hupewa mwenye shida, lakini daraja la sifuri halimfai zaidi aliye chini kabisa. Mwenye shilingi 20,000 nchini Kenya hudaiwa 2,000, na nafuu yake ni 2,400. Zile 400 zilizosalia hazirudishwi kwake. Daraja likipanuliwa kutoka 24,000 hadi 30,000, yeye hapati hata senti moja, na mwenye 30,000 hupata shilingi 1,500.